Barua ya shukrani kwa Kiajemi

«Nimerudi Unguja baada ya masomo Shirazi. Nimwandikieje mama aliyenipokea kwamba nimewakumbuka, na nimshukuru kwa mapishi yake?»

Ndugu, usitafsiri «nimewakumbuka» neno kwa neno, kwa maana Mwajemi ataelewa kwamba walikupitia akilini tu. Andika *delam barayetan tang shode*, yaani moyo wangu umebana kwa ajili yenu. Kwa mapishi, *daste shoma dard nakonad*, mkono wako usiume, ina uzito kuliko asante tupu. Ukisimulia harusi au karamu uliyoifurahia, ongeza *jaye shoma khali bud*, nafasi yenu ilikuwa tupu, kwani habari ya raha isiyo na maneno hayo husikika kavu kidogo. Na hata ukimwandikia mama peke yake, tumia *shoma*, yaani ninyi ya heshima, si *to*, wewe ya kawaida.