Geji moja usiku haitoshi: kwa mainjinia wapya wa maji

Juzi nimeletewa tena ripoti ya presha ndogo yenye namba moja, iliyosomwa usiku, na chini yake ombi la kununua pampu. Wadogo zangu, mtanizeesha kabla ya wakati. Haya machache yawafikie kabla hamjaenda saiti.

1. Soma geji maji yakiwa yanatembea, tena mwanzo na mwisho wa laini kwa wakati mmoja.

Kuna binti alikuja kwetu akiwa katoka chuo, mchapakazi kwelikweli. Akapewa laini moja upande wa Mbezi: bomba la plastiki jeusi la milimita 110, urefu kilomita 2, nyumba karibu zote ziko mwishoni, na mwisho uko chini ya mwanzo kwa mita 5. Wakazi walilalamika kwamba asubuhi simtanki hazijai. Akaenda saa nane za usiku, akakuta baa 4 mwanzoni na baa 4.5 mwishoni. Akarudi amefurahi: presha ipo, tena inaongezeka!

Hiyo nusu baa ni zile mita 5 za mteremko tu, kwa sababu baa 1 ni kama mita 10 za maji. Koki zikifungwa maji yanasimama, na maji yaliyosimama hayasuguani na kitu.

Asubuhi ya saa kumi na mbili mwanzoni palisoma baa 4 ileile, mwishoni baa 1. Hapo ndipo tulipopotea wiki nzima. "Kaka, maji yanaibiwa," akaniambia. Akachimbisha mashimo barabarani, akagombana na muuza maji wa madumu, akamshuku hadi mjumbe. Kila shimo kavu. Nami nilimwacha achimbe kidogo, maana kuna watu hawakusikii mpaka mgongo uume.

2. Mwizi hutafutwa kwa mchoro kabla ya sururu.

Nilimwambia aweke geji katikati pia, asome zote tatu asubuhi ileile, kisha kila namba aijumlishe na mwinuko wa ardhi ya pale. Katikati, ardhi iko chini ya mwanzo kwa mita 2.5, na geji ikasoma baa 2.5. Tukihesabu kutoka usawa wa mwisho wa laini, mwanzoni kuna mita 45, katikati 27.5, mwishoni 10. Yaani mita 17.5 zimepotea nusu ya kwanza, na 17.5 nusu ya pili. Mstari umenyooka.

Kungekuwa na vali iliyofungwa nusu, mstari ungeanguka ghafla pale ilipo. Kungekuwa na mvujo mkubwa au mtu aliyejiunganishia njiani, mteremko ungekuwa mkali kabla yake na kulegea baada yake. Mstari ulionyooka maana yake mlaji ni bomba lenyewe, kila mita ikidai chake.

Akauliza kama maji yanachoka njiani, yaani yanapunguza kasi. Hapana. Kipenyo ni kilekile na maji ni yaleyale, kwa hiyo kasi ni ileile mwanzo hadi mwisho. Kinachopungua ni presha. Maji yanayogusa ukuta wa bomba yamesimama, ya katikati yanakimbia, na kati yao kuna kuvutana na mizunguko midogo inayogeuza nguvu kuwa joto. Lakini usiende na kipimajoto: mita 35 zikipotea zote, maji hayapandi hata sehemu moja ya kumi ya digrii.

3. Fomyula mnayo kichwani, ila mnausahau mraba.

hf = f · (L/D) · V²/2g. Asubuhi zilipita lita 10 kwa sekunde, kasi kama mita 1.4 kwa sekunde, hasara mita 35. Punguza maji yawe nusu, hasara inashuka hadi karibu robo, mita 9 hivi. Ndiyo maana pampu, ambayo binti naye aliitaka, ingetuumiza: kusukuma maji mengi zaidi ndani ya bomba lilelile ni kulipia hasara kwa mraba, halafu usiku presha inapanda juu ya maungio ya zamani.

Bomba la 160 badala ya 110 lingeshusha hasara hadi kama mita 5. Fedha haikutosha, tukalaza 110 la pili sambamba, kila moja libebe nusu.

4. Wekeni geji baada ya kazi pia.

Binti alitarajia baa 3.6 mwishoni. Ikasoma 3.2, akaja amenuna, anataka kubadilisha geji. Nikampa kalamu. Hasara mita 13 badala ya 9. Akatafuta kipeuo cha pili cha uwiano wake, akapata lita 12 kwa sekunde. Presha imekuja, na wakazi wamefungua koki zaidi.