Poti iko wazi, kamera haionekani

"Nimefungua poti 554 kwenye ruta ya laini nyumbani Wete. Nikiwa Unguja kamera siioni. Nimekosea wapi?"

Pengine hujakosea, ndugu yangu. Ukiwa nyumbani, soma `WAN IP`, yaani anwani ya ruta kwa upande wa nje, kwenye ukurasa wa ruta, kisha ulinganishe na anwani inayoonyeshwa na tovuti za kuangalia IP. Yangu, Chake Chake, ruta iliandika `100.72.14.9`, tovuti ikatoa nyingine kabisa. Kuanzia 100.64 hadi 100.127 ni anwani za ndani ya kampuni ya simu. Wateja wengi mnagawana anwani moja ya nje, na mlango unaotaka kuufungua uko kwa kampuni.

Wapo wanaosema tatizo ni ruta mbili kufuatana, moja nyuma ya nyingine, nao wako nusu sahihi: hapo kwa kawaida ungeona `192.168`, na tiba iko mikononi mwako. Ukiona `10.` inaweza kuwa lolote kati ya hayo mawili.

Ama omba kampuni ikupe anwani ya umma, ama iache kamera itoke nje yenyewe kupitia programu yake. Mimi nimeweka Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako kwa mtandao binafsi, kwenye kompyuta inayobaki nyumbani, ndiyo inayonifikisha kwenye kamera. Picha huchelewa kidogo usiku, sababu bado sijaipata.