Kabla ya kutafsiri "run", tafuta kinyume chake

Kazi iliyonifundisha neno hili ilikuwa ndogo tu: kutafsiri kutoka Kiingereza mwongozo wa mashine ya mtumbwi, ile inayofungwa nyuma, ambao ulitakiwa uwafikie wavuvi wa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Neno "run" lilikuwemo karibu kila ukurasa. Nilikuwa na haraka, na kamusi ilinipa "kimbia" kwanza, kwa hiyo onyo moja nikaliandika hivi: "Usikimbize injini nje ya maji."

Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini ina hatari. Kwetu kukimbiza chombo ni kukipeleka kasi. Mvuvi akiisoma ataelewa kwamba nchi kavu mashine haitakiwi kupewa mafuta mengi, ila ikikaa silensa haina neno. Mwongozo haukusema hivyo. Mashine hizi hupozwa na maji ya ziwa yanayovutwa na pampu, na ndani ya pampu mna kifeni cha mpira ambacho maji yenyewe ndiyo hukipunguzia msuguano na kuta za pampu. Ukiiwasha ikiwa kavu, hata kwa silensa, mpira unapata moto na kuanza kuharibika mapema sana. Uharibifu huo huuoni siku hiyo. Utauona ukiwa ziwani, pale kile kijito cha maji kinachoruka nyuma ya mashine kitakapopungua au kukatika, na injini ianze kuchemka.

Kabla ya kukabidhi kazi nilimpelekea fundi mmoja pale Mwaloni. Nilikuwa nimeshabadilisha na kuandika "Usiendeshe injini nje ya maji." Akasoma, akaniangalia.

"Dada, nani anaendesha mtumbwi mchangani?"

Alikuwa sahihi. Kwa mvuvi kuendesha ni kushika usukani na kwenda. Onyo la kutoendesha nchi kavu halimhusu, kwa hiyo angelipita bila kulisoma mara ya pili. Neno lilikuwa la kawaida kabisa, na onyo lilikuwa limepotea ndani yake.

Tangu siku hiyo, nikikutana na "run" sianzi na kamusi. Najiuliza kwanza: kinyume cha jambo hili, hapa lilipo, ni nini? Mashine hii isipokuwa "run" inakuwaje? Imezima. Basi kinachosemwa ni kuwaka, na onyo likawa: "Usiwashe injini ikiwa haimo kwenye maji, hata kwa muda mfupi." Niliacha "maji" wala sikuandika "ziwa", maana mafundi hujaribu mashine nchi kavu ikiwa imetumbukizwa kwenye pipa lililojaa maji, na hilo linaruhusiwa.

Swali hilo hilo linafungua sehemu nyingine. Boti ambayo ni "run" kati ya Mwanza na Nansio, kinyume chake ni kusitisha safari, kwa hiyo inafanya safari. Aliye "run" kwenye uchaguzi, kinyume chake ni kujitoa, kwa hiyo anagombea. Duka lisipokuwa "run" na mtu halina msimamizi, basi anayehusika analisimamia au analiendesha, na hapo "endesha" limepata mahali pake. Bomba lililo "run" kinyume chake ni kukauka, kwa hiyo linatoa maji. Kitenge kikiwa "run" kwenye beseni, kinyume chake ni rangi kushika, kwa hiyo kinachuja. Katika hayo yote hakuna hata moja linalohusu mbio za miguu.

Swali hili lina mpaka wake. Halikusaidii neno likiwa limeungana na jingine na kuzaa maana mpya. Mwongozo ule ulizungumzia saa 10 za mwanzo za mashine mpya, ambazo kwa Kiingereza zinaitwa kwa neno lililotokana na "run" hiyo hiyo. Hapo kinyume hakikunipa kitu. Ilinibidi nijue kinachotokea: vyuma vipya vinazoeana polepole, na mtu hatakiwi kufungulia mafuta hadi mwisho kwa muda mrefu. Nikaandika "saa 10 za kuizoesha injini", halafu nikaeleza.

Sentensi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa na "run" mbili. Ilihusu kumaliza petroli kwenye kabureta kabla ya kuihifadhi mashine, ili isigande humo na kuziba vitundu. Kinyume cha ya kwanza ni kuzima. Kinyume cha ya pili, iliyohusu mafuta, ni kubaki, kwa hiyo ni kuisha. Nikaandika: "Mashine ikiwa ndani ya maji, chomoa mpira wa mafuta, iache silensa mpaka mafuta ya kwenye kabureta yaishe na izime yenyewe."

Fundi akaisoma kwa sauti kwa kijana aliyekuwa akifunga mashine pembeni. Kijana akauliza, "Kwa hiyo nisiizime mimi?" Nikajua imefika.