Yakini Haiondolewi na Shaka: Kwanza Jua Yakini ni Ipi

Kanuni hii ni mojawapo ya zile kuu tano za fiqhi, na wanaoitumia vibaya mara nyingi huielewa kama ruhusa ya kupuuza shaka. Mafakihi huanzia kwingine. Huuliza: ni kitu gani kilichothibiti mwanzo? Hicho ndicho kinachobaki mpaka ije hoja ya kukiondoa.

Mtu ametawadha kabla ya Adhuhuri, na hilo ana hakika nalo. Alasiri inapoingia anashuku kwamba huenda udhu umetenguka. Kwa Mashafii bado ana udhu, kwa sababu Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu anayehisi kitu ndani ya swala asitoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Ligeuze suala: ana hakika alikwenda haja, ila hakumbuki kama alitawadha baadaye. Huyu hana udhu, kwa kanuni ile ile.

Katika kauli mashuhuri ya Wamaliki, yule wa kwanza hutawadha upya, isipokuwa kama shaka humjia mara kwa mara. Usiharakishe kusema wameiacha kanuni. Wao wameshika yakini nyingine: swala imo katika dhima yake bila shaka yoyote, na haitoki humo kwa tohara inayotiliwa shaka. Khitilafu nyingi za mafakihi ziko hapo, kwenye kuchagua pa kuanzia.

Ndiyo maana aliyeshuku kama ameswali rakaa tatu au nne hashiki nne. Tatu zina yakini, ya nne ndiyo yenye shaka, hivyo anaongeza moja na kusujudu sijda mbili za kusahau kabla ya salamu. Shaka ya idadi ikimjia baada ya salamu, Mashafii hawaijali.

Kwenye madeni utaona kanuni ikihama upande mbele ya macho yako. Mdai anasema anadai dinari 100, mdaiwa anakiri 60. Zile 40 hazijathibiti, na asili ya dhima ya mtu ni kuwa safi, kwa hiyo mdai ndiye wa kuleta ushahidi. Akikosa, mdaiwa huapa na 40 zinaanguka. Sasa mdaiwa anaongeza: "Katika hizo 60 nimeshalipa 20." Hapa mambo yamegeuka. Deni la 60 limethibiti kwa ulimi wake mwenyewe, malipo ndiyo yenye shaka, na ushahidi unakuwa juu yake. Akikosa, mdai ataapa kwamba hajalipwa, na zote 60 zitabaki.

Akileta mashahidi wawili waadilifu, 20 zinatoka, ingawa binadamu wawili wanaweza kukosea. Ushahidi wao ni dhana yenye nguvu ambayo sheria yenyewe imeifanya hoja, na hiyo haihesabiwi kuwa shaka.