Maswali na majibu: pini ya grupu kabla ya taski ya kwanza

Wiki hii maswali mengi yametoka kwa watu wanaofanya kazi za kunukuu sauti na kuingiza data wakiwa nyumbani, wengi wako Dodoma mjini, na karibu wote wanalalamikia kitu kimoja, kazi kurudishwa kisa utaratibu ulibadilika usiku na tangazo lake likabandikwa juu ya grupu la WhatsApp, ndo hiyo pini. Nimechukua matano.

"Kila asubuhi naona pini ile ile tu juu ya grupu, kuna haja gani ya kuifungua tena?" (Ipagala)

Una uhakika ni ile ile? Ule mstari wa juu WhatsApp unaonyesha pini moja kwa wakati, lakini grupu linaweza kubeba pini mpaka tatu, ukigusa ndo zinapokezana. Kwahiyo unaweza kuona maneno yale yale uliyoyazoea kumbe nyuma yake kuna nyingine imewekwa saa nne usiku we umelala. Gusa mpaka zizunguke zote, angalia tarehe ya kila moja. Alafu kama pini ni linki ya mwongozo wa Google Docs, hapo ndo kuna mtego, kwasababu meseji ya grupu haitabadilika hata kidogo ila mwongozo wenyewe ndani umeshahaririwa, na wewe mwenye ruhusa ya kusoma tu huoni historia ya mabadiliko, hiyo anaiona mwenye ruhusa ya kuhariri. Ninachoshauri ni kupiga skrinshoti ya kile kipande unachokitumia kila siku. Asubuhi unaweka ya jana pembeni ya ya leo, na kwa mtu wa bando la kuungaunga hiyo pia inasaidia mtandao ukikata katikati ya kazi.

"Tangazo lilisema sheria mpya inaanza 06:00 UTC. Nikaanza kuitumia saa kumi na mbili asubuhi kamili, kazi zote za mwanzo zimerudishwa. Kosa langu nini?" (Chang'ombe)

Aisee pole, hili linawakamata wengi. UTC ni saa ya kimataifa, na hapa kwetu tuko masaa matatu mbele yake, kwahiyo 06:00 UTC ni 09:00 ya Dodoma, yaani saa tatu asubuhi. We ulipoanza saa kumi na mbili, kwa UTC ilikuwa 03:00, sheria ya zamani bado ilikuwa inatawala. Na kuna wengine wanakosea upande wa pili, akiona 6 kichwani inakuja saa sita, anasubiri mpaka mchana huku wenzake wameshahamia kwenye utaratibu mpya tangu saa tatu.

Cha kufanya ni hesabu mbili na usizichanganye, kwanza jumlisha tatu upate saa ya kwenye simu (06:00 inakuwa 09:00), ndo uibadilishe kuwa saa yetu ya Kiswahili. Angalia na siku pia. Ukiona Jumanne 22:00 UTC, kwetu hiyo ni 01:00, saa saba usiku, na tayari simu inasoma Jumatano. Na kama bosi anaandika saa ya London badala ya UTC basi usikariri tofauti ya masaa matatu mwaka mzima, maana wenzetu wanasogeza saa na sisi hatusogezi. Mwezi wa kwanza saa 09:00 ya London ni saa sita mchana Dodoma, mwezi wa saba saa hiyo hiyo ni saa tano asubuhi.

"Mimi nasoma kabisa, na bado narudishiwa. Nisomeje?" (Kisasa)

Nadhani unasoma kichwa cha tangazo, ubongo unamalizia wenyewe. Ngoja tuchukue mfano wa kazi ya kunukuu. Zamani namba zote zilikuwa zinaandikwa kwa maneno, sasa tangazo linasema: "Kuanzia leo andika namba kwa tarakimu kwenye kiasi cha pesa. Umri na muda vibaki kwa maneno." Mtu aliyepitisha macho anaondoka na kitu kimoja tu, tarakimu. Anafungua sauti ya kwanza, mama anasema alilipa elfu tano akiwa na miaka ishirini, yeye anaandika:

Alilipa 5,000 akiwa na miaka 20.

Imerudi hiyo. Iliyotakiwa ni:

Alilipa 5,000 akiwa na miaka ishirini.

Ile sentensi ya pili ya tangazo, ya "vibaki", ndo iliyobeba kazi. Kwenye matangazo mengi ya mabadiliko sentensi ya kwanza inasema kipya na inayofuata inasema mipaka yake, na watu wanaacha kusoma wakishaona kipya. Kwahiyo tafuta maneno kama isipokuwa, tu, vibaki, hadi, na ujiulize kinachobadilika ni nini na ambacho hakiguswi ni kipi.

Alafu kabla hujabonyeza kuchukua taski, fungua kazi yako ya jana, chagua mistari miwili mitatu yenye namba, iandike upya pembeni kwa sheria ya leo. Ukikwama, mfano umekuta mtu anasema "nusu kilo ya sukari kwa elfu moja na mia tano", pesa unajua ni 1,500 lakini nusu kilo je? Tangazo halijaigusa. Hapo ndo unauliza, na usiulize "sijaelewa tangazo" maana utajibiwa usome tena. Tuma huo mstari na majibu yote mawili, uliza lipi. Supavaiza anajibu kwa neno moja. Na hili lifanyike kabla ya kuchukua kwasababu mifumo mingi ikishakupa taski saa inaanza kuhesabu, utakuwa unasubiri jibu huku mda wako unaliwa.

"Nilishachukua taski, niko katikati, ndo tangazo likatoka. Namalizia kwa ya zamani au mpya?" (Nkuhungu)

Inategemea neno moja kwenye tangazo. Kama limeandika taski "zitakazochukuliwa" baada ya saa fulani, ya kwako inabaki kwenye utaratibu wa zamani hata ukiituma baadae. Kama limeandika "zitakazotumwa", basi hiyo uliyonayo irekebishe kabla ya kutuma. Kama halisemi lolote simama uulize, na wakati unasubiri usiandike nusu hivi nusu vile, faili lililochanganywa linarudi kwa sheria yoyote watakayotumia kukagua.

"Nimeanza kazi juzi, kila mtu ananiambia soma pini, kwangu mimi hakuna pini yoyote." (mwanafunzi, UDOM)

Hawakudanganyi na we hudanganyi. WhatsApp pini iliyowekwa kabla hujaingia kwenye grupu kwako haionekani. Na hata kwa wa zamani pini ina mwisho, anayeiweka anachagua masaa 24, siku 7 au siku 30, ikiisha inashuka kimya kimya japokuwa sheria yenyewe bado inaendelea. Mwombe supavaiza akutumie matangazo yote yanayotumika sasa hivi, moja moja na tarehe zake, na kama ana uvumilivu azitume upya kwenye grupu azipini tena, maana nina wasiwasi sio wewe peke yako usiyeziona.