Kijana wa miaka 17 na pikipiki ya mkopo

"Nilimuuzia kijana wa miaka 17 pikipiki kwa awamu, sasa halipi. Nimshtaki?"

Pole ndugu, deni lenyewe hulipati. Hapa Tanzania, kifungu cha 11 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinafanya makubaliano ya aliye chini ya miaka 18 kuwa batili tangu mwanzo. Mchangiaji mwingine aliyekushauri "mshtaki baba yake" yuko sahihi nusu tu: baba anabanwa kama alisaini kama mdhamini, na hata hapo wakili atabishana.

Mlango uliobaki ni kifungu cha 68, mahitaji ya lazima, yanayolipwa kutoka mali ya kijana mwenyewe. Dawa au chakula, sawa. Pikipiki? Sidhani.

Na wewe dada uliyeuliza kuhusu mkataba wa shamba aliousaini babu yako mwenye ugonjwa wa akili, yako ni tofauti: mgonjwa wa akili akisaini siku ametulia na anaelewa, mkataba unasimama.