Mchicha, sukuma wiki au spinachi? Anza na kikonyo

*Mtaalamu habari. Nina picha za mboga za majani nataka kuziandikia majina, ila mchicha, sukuma na spinachi zinanichanganya. Hasa hii moja yenye vikonyo vyekundu, wengine wanasema mchicha, wengine wanasema spinachi. Kwenye jani na shina naangalia nini?*

Salama kabisa ndugu. Hapo wengi wanakwama kwa sababu jicho linakimbilia rangi na ukubwa wa jani, na hivyo viwili ndivyo vinavyodanganya zaidi kwenye picha. Mimi nikipewa picha ya mboga naanzia chini, naangalia kikonyo, yaani kile kijiti kinachoshika jani, kimekaaje na kimetokea wapi, bapa la jani nalifuata baadaye kuhakikisha tu.

Tuchukue hiyo picha yako ya vikonyo vyekundu. Ivute karibu pale mwisho palipokatwa. Naona kikonyo ni kipana, bapa, upande wa juu kina mfereji umeshuka katikati, na pale kilipokatwa umbo lake ni la mwezi mwandamo, sio duara. Ule wekundu unapanda moja kwa moja hadi mshipa wa kati halafu unatawanyika kwenye mishipa midogo, ila nyama ya jani yenyewe imebaki kijani kizito, inang'aa, na imekunjamana kunjamana katikati ya mishipa. Halafu kitu cha muhimu kuliko vyote, kila jani limekaa peke yake, hakuna shina lililobeba majani kadhaa. Hiyo ni spinachi, ile ya majani makubwa, aina yenye vikonyo vyekundu. Zipo za vikonyo vyeupe na vya njano pia, umbo ni lile lile.

Sasa ingekuwa mchicha mwekundu ungeona nini? Mchicha mara nyingi huvunwa na shina lake au unang'olewa na mizizi, kwa hiyo kwenye picha unatafuta shina lililosimama na majani yanayopanda kwa kupishana, moja huku, linalofuata kule juu kidogo, hayatokei mawili mawili kwenye kifundo kimoja. Shina lina mistari mistari inayokwenda kwa urefu wake. Kikonyo ni chembamba na kirefu, hakina ule upana wa spinachi. Ukiangalia kwapani, pale kikonyo kinapoungana na shina, mara nyingi unakuta kichipukizi kidogo au kishada cha maua madogo madogo ya kijani au mekundu, na hapo ubishi umekwisha, spinachi ya kuvunwa majani haikupi kitu hicho. Jani la mchicha ni laini, umbo la yai au kama pembe nne iliyosimama kwenye kona yake, ukingo wake hauna meno, na upande wa chini mishipa imetokeza sana, imepangika vizuri ikipinda kuelekea ukingoni. Baadhi ya aina zina kibonyeo kidogo kwenye ncha kabisa, kama mtu amebonyeza na ukucha. Ukikiona kinasaidia sana, usipokiona usiutoe mchicha kwenye orodha maana sio aina zote zinacho.

Na watu kuchanganya hizi mbili sio ajabu, mchicha na spinachi ni ukoo mmoja kwenye elimu ya mimea. Ile spinachi ya majani makubwa ni mmea mmoja na bitiruti kabisa, tofauti ni kwamba hii imechaguliwa kwa ajili ya majani na ile kwa ajili ya kiazi chake. Ndio maana majani ya bitiruti yaliyokatwa yakipigwa picha bila kiazi yanaweza kukuchanganya, vikonyo vyake kwa kawaida ni vyembamba zaidi, lakini kwa jani changa mimi siwezi kukuapia kwa picha peke yake, naandika "spinachi au majani ya bitiruti" basi. Ipo pia spinachi ndogo, ambayo ndiyo spinachi halisi, majani yake hayafiki ukubwa ule, yana umbo la yai au la kichwa cha mshale lenye masikio mawili chini, vikonyo vyembamba, na ikiwa imeng'olewa nzima majani yote yanatokea sehemu moja juu ya mzizi, hapo chini mara nyingi pana rangi ya waridi.

Sukuma wiki ndiyo rahisi kuliko zote picha ikiwa nzuri, yenyewe ni ya ukoo wa kabichi. Jani ni nene, kijani chake kimechanganyika na bluu au kijivu kwa sababu ya utando kama nta juu yake, na ukilipitisha kidole utando unatoka panabaki alama ya kijani kibichi zaidi. Kama mboga imenyunyiziwa maji angalia matone, kwenye sukuma yanakaa duara duara juu ya jani, kwenye spinachi maji yanasambaa. Kikonyo ni kirefu, kigumu, kimejaa, mshipa wa kati ni mweupe mweupe, na mara nyingi chini ya bapa kuna vijani vidogo vimening'inia kwenye kikonyo vimejitenga na jani kubwa. Mchicha hauna hivyo vijani. Ukingo unaweza kuwa na mawimbi kidogo au ukajikunja sana kulingana na aina, kwa hiyo usitegemee ukingo. Tatizo la sukuma ni ndugu zake, jani la nje la brokoli au koliflawa linafanana nalo mno kwa sababu zote ni spishi moja, jani moja tu lililokatwa halikupi uhakika, unahitaji kuona mmea mzima.

Kinachoharibu zaidi ni taa na filta. Mwanga wa taa ya njano unaiua ile bluu ya sukuma, inaonekana kijani cha kawaida tu, na fleshi inafanya hata jani lisilong'aa ling'ae. Mboga ikinyauka nayo inapoteza mikunjo, spinachi inalala kabisa inafanana na kitu kingine, ila umbo la kikonyo linabaki, ndio sababu nyingine ya kuanzia pale. Kwa hiyo ukiweza kupiga picha mwenyewe piga mchana kivulini, jani moja upande wa juu, lile lile upande wa chini, halafu sogea karibu piga pale lilipokatwa au linapoungana na shina, na weka kalamu pembeni ukubwa uonekane.

Angalizo moja kama mboga imeokotwa porini sio ya kupandwa. Mnavu mchanga unafanana na mchicha kwenye picha ya juu juu. Kwenye mnavu bapa la jani linashuka kidogo kwenye kikonyo kama kibawa chembamba, na kikonyo cha maua kinatokea ubavuni mwa shina katikati ya jani na jani, sio kwapani, maua yenyewe ni meupe yenye umbo la nyota. Na kama alama hazikubaliani, mfano shina ni la mchicha lakini ukingo wa jani una meno makubwa, usilazimishe jina, acha wazi na mtu asile hiyo mboga mpaka anayeijua aishike mkononi, ipo mimea ya sumu inayoota humo humo katikati ya mchicha na picha haitoshi kuitenganisha.